Salamu ya Kichina kwa anayekwenda Yiwu, na kwa nini toni ikikosewa neno linakuwa jingine

"Wakuu, salaam. Mwezi ujao nakwenda Yiwu kununua mabegi ya shule. Naomba tafsiri ya maneno haya: 'Habari yako. Natoka Tanzania. Nataka kununua mabegi ya shule. Nimefurahi kukufahamu.' Kuna jamaa kaniandikia bila zile alama za juu ya herufi, mwingine anasema bila alama ni bure, eti sauti ikikosewa maana inageuka. Ni kweli au wananitisha?"

Mkuu, salamu yako hii hapa:

Nín hǎo. Wǒ cóng Tǎnsāngníyà lái. Wǒ xiǎng mǎi shūbāo. Hěn gāoxìng rènshi nín.

您好。我从坦桑尼亚来。我想买书包。很高兴认识您。

Mstari wa herufi za Kichina uhifadhi kwenye simu ili umwonyeshe muuzaji mdomo ukikwama. Mstari wa juu ndio wa kusoma, na maandishi yale yanaitwa pinyin. Matamshi ya herufi zake hayatakusumbua sana. X isome kama sh nyepesi, ulimi ukiwa mbele karibu na meno ya chini. C ni ts yenye pumzi. Ng mwishoni mwa silabi ni ile ya ng'ombe, siyo ya ngoma, kwa hiyo "cóng" inakaribia "tsung'". Ao isome kama au. Nimetumia nín badala ya nǐ kwa sababu nín ni ya heshima, na mtu unayekutana naye mara ya kwanza kwa biashara anastahili hiyo.

Sasa hizo alama. Nilisoma Jinhua, mji ulio jirani na Yiwu, kisha nikafanya ukalimani kwa wafanyabiashara wetu pale sokoni, kwa hiyo nitakueleza kwa yale niliyoyaona yakitokea kwenye meza za wauzaji. Aliyekwambia maana inageuka amesema kweli. Ila nadhani umeshasikia ile hadithi ya ma: mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana, kwa hiyo chunga usije ukamwita mama wa watu farasi. Maneno hayo yote yapo na maana zake ni hizo. Lakini hakuna Mchina atakayedhani umekusudia kumwita mama yake farasi. Kinachotokea mara nyingi ni cha kawaida zaidi na kinaudhi zaidi: anakutazama, anakunja uso, anasema "tīng bu dǒng", yaani amesikia ila hakuelewa, halafu anakusogezea simu yake uandike.

Kwa nini asielewe wakati herufi zote umezitamka sawasawa? Kwa sababu kwake hukuzitamka zote. Chukua pata na pita. Kwako hayo ni maneno mawili tofauti, na mgeni akisema "nimepita pesa" akimaanisha amezipata, husemi ana lafudhi tu, unasema ametaja neno lingine. Kwa Mchina, mǎi na mài zina tofauti ya ukubwa huohuo. Kupanda na kushuka kwa sauti, yaani toni, kumo ndani ya neno pamoja na m, a na i. Ukikuondoa au ukikubadilisha, umebadilisha neno lenyewe.

Sisi tunapata shida hapa kwa sababu Kiswahili kinatumia kupanda na kushuka kwa sauti kwa kazi nyingine kabisa. Sema "Amekuja." Sasa sema "Amekuja?" Herufi ni zilezile, neno ni lilelile, na kilichobadilika ni sentensi: ya kwanza ni taarifa, ya pili ni swali. Sauti yetu ni mali ya sentensi. Tuna mkazo pia, na mara chache sana mkazo huo unatenganisha maneno, kama barabara ya kupita magari, yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na barábara ya kusema jambo limekaa sawasawa. Lakini hizo ni jozi za kuhesabu. Lugha nyingi za Kibantu zina toni hadi leo, Kiswahili kimeziacha. Kama nyumbani unaongea Kihaya, Kikikuyu, Kinyarwanda au Kilingala, sikio lako limeshazoea kazi hii hata kama hujawahi kuifikiria. Msemaji wa Kilingala anajua kwamba kokoma ni kuandika au ni kufika kulingana na sauti ilivyokaa. Mjaluo vilevile ana toni kwao, ingawa lugha yake si ya Kibantu. Wanaopata taabu zaidi mwanzoni ni sisi tuliolelewa na Kiswahili peke yake.

Kichina sanifu, yaani Putonghua, kina toni nne na silabi nyingine fupi zisizo na toni yake. Badala ya ma, nitakueleza kwa neno ambalo utalisema kila siku utakapokuwa kule: Tǎnsāngníyà. Kwa bahati nzuri jina la nchi yetu kwa Kichina lina toni zote nne, kila moja mara moja. Ukilimudu hilo neno moja umeshapata ramani nzima.

Kuna mwanaisimu wa Kichina, Zhao Yuanren, aliyependekeza mwaka 1930 njia ya kuandika toni kwa namba kutoka 1 hadi 5. Moja ni sehemu ya chini kabisa ya sauti yako mwenyewe unapoongea bila kujilazimisha, tano ni ya juu kabisa. Zingatia hapo kwenye "yako mwenyewe". Mwanaume mwenye sauti nzito na mtoto mdogo hawana tano moja, na wala hawahitaji kuwa nayo, kwa sababu msikilizaji anapima silabi moja dhidi ya nyingine za mtu yuleyule.

Anza na sāng, toni ya kwanza. Ni 55: unaanzia juu na unabaki juu, bila kutetereka, kama unavuta noti moja ya wimbo. Ní ni toni ya pili, 35: unaanzia katikati na unapanda, karibu sana na jinsi unavyoshangaa "eh?" mtu anapokwambia jambo usiloamini. Yà ni ya nne, 51: unaanzia juu kabisa na kuporomoka hadi chini kwa haraka, kama unavyomkataza mtoto "we!" akisogelea jiko. Tǎn ni ya tatu, na vitabu vinaiandika 214: inashuka chini, inatambaa, kisha inapanda. Hii ya tatu nitairudia, maana vitabu vinaieleza kwa namna inayowapotosha wengi.

Mswahili asiyejua toni akisoma "Tansangniya" anafanya nini? Anaweka mkazo kwenye ni, kwa kuwa ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho, kisha anashusha ya. Ajabu ni kwamba hapo amepatia nusu ya neno bila kukusudia: ni imepanda kidogo, ya imeshuka. Tatizo lipo mwanzoni, ambako anasema tan na sang kwa kiwango kimoja cha katikati. Tan inatakiwa kuwa chini, chini ya unavyodhani, na sang iruke juu. Ukifanya mruko huo mmoja tu kutoka chini kwenda juu, Wachina wataanza kulitambua neno.

Tabia hiyohiyo ya mkazo inakuharibia shūbāo. Silabi zote mbili ni za kwanza, juu na juu. Sisi tunasema SHU-bau, sauti inaanguka mwishoni kama ilivyo kwa neno letu lolote linalofunga sentensi. Hapo bāo imekuwa bào, na shūbào kwa Kichina ni neno halali kabisa: vitabu na magazeti. Umeona? Hujakosea herufi hata moja, umefunga tu sentensi Kiswahili, na mabegi yamegeuka magazeti. Dawa yake ni kulimaliza neno ukiwa juu, kana kwamba una jambo lingine la kuongeza. Utajisikia kama umeachia sentensi hewani. Acha ibaki hewani.

Turudi kwenye toni ya tatu. Katika salamu yako zipo saba: hǎo, wǒ, Tǎn, wǒ, xiǎng, mǎi na hěn. Ukizitamka zote 214, kila moja ikishuka na kupanda, utasikika kama mtu anayeyumba ndani ya mashua, na utachoka kabla hujafika kwenye mabegi. Katika hizo saba, ile ya kushuka na kupanda kikamilifu ni hǎo peke yake, kwa sababu imekaa mwisho wa sentensi na baada yake kuna kituo. Toni ya tatu ikifuatwa na silabi nyingine ndani ya mfululizo mmoja wa maneno, haina muda wa kupanda. Inashuka tu na kubaki chini, 21. Kwa hiyo kwa matumizi ya sokoni ifahamu kama toni ya chini. Wǒ mbele ya cóng iko chini. Hěn mbele ya gāo iko chini, kisha gāo iko juu. Ukiwa na toni ya chini iliyo chini kweli, na ya kwanza iliyo juu kweli, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Halafu kuna sheria moja ambayo mtu aliyekuandikia bila alama asingeweza kukuonyesha hata angetaka. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza inageuka ya pili. Ndiyo maana salamu ya kawaida, nǐ hǎo, huandikwa na mbili za tatu lakini hutamkwa ní hǎo, ya kwanza ikipanda. Kwenye maandishi alama haibadilishwi, mdomo ndio unabadilisha. Sasa angalia sentensi yako ya tatu: wǒ xiǎng mǎi. Ni tatu, tatu, tatu. Hapa unaangalia maneno yanavyoshikana kwa maana. Xiǎng na mǎi zimeshikana, kutaka-kununua, kwa hiyo zinashughulikiwa kwanza: xiǎng iko mbele ya mǎi, inageuka xiáng inayopanda. Wǒ sasa iko mbele ya silabi inayopanda, haina tena ya tatu mbele yake, kwa hiyo inabaki chini. Mǎi mbele ya shū inabaki chini. Ukiziweka pamoja unapata: chini, panda, chini, juu, juu. Mtu akiongea haraka anaweza kupandisha na wǒ pia, wó xiáng mǎi, na hilo utalisikia. Wewe shika lile la kwanza. Ukitaka kujua kama umelishika, funga midomo na uigune sentensi nzima kwa puani bila herufi. Ukiweza kuiguna chini, panda, chini, juu, juu, basi herufi zitakaa juu yake zenyewe.

Nimeikalia sana hiyo mǎi kwa sababu ndiyo silabi itakayokugharimu kuliko zote. Mǎi, ya chini, ni kununua. Mài, inayoporomoka, ni kuuza. Hata maandishi yao yamekaribiana: 买 ni kununua, 卖 ni kuuza, herufi ileile imeongezewa vistari juu. Ukiziunganisha, mǎimai, unapata neno la biashara. Utadhani sokoni muktadha utakuokoa, maana wewe ni mgeni umesimama mbele ya duka lake, unauza nini? Mara nyingi kweli unakuokoa. Lakini wafanyabiashara wetu huenda na sampuli. Niliwahi kusimama na mteja aliyetoa begi la shule kwenye mfuko, akaliweka mezani, kabla sijafungua mdomo akasema kwa kujiamini "wǒ xiǎng mài shūbāo". Sentensi safi. Muuzaji akaliangalia begi, akamwangalia yeye, akalisukuma kurudi: "Bú yào, bú yào." Sitaki, sitaki. Mteja akaanza kukasirika kwamba duka lina mabegi ukutani na wanamkatalia. Kwa muuzaji, mtu ameingia, ameweka bidhaa mezani na kusema anataka kuuza mabegi. Muktadha wote ulikuwa upande wa kosa.

Na kwa nini alisema mài? Kwa sababu neno hilo ndilo alilotaka kulisisitiza, na sisi tukisisitiza tunapiga silabi kwa nguvu na kuiangusha. Hiyo ndiyo toni ya nne hasa. Kwa hiyo neno ulilo na uhakika nalo zaidi ndilo lililo hatarini zaidi. Hali inakuwa mbaya usipoeleweka ukaanza kupaza sauti, kwa kuwa kupaza sauti kunageuza kila silabi kuwa ya nne. Usipoeleweka punguza mwendo, usiongeze sauti. Silabi ndefu ina nafasi ya kubeba toni yake.

Kinyume chake pia kipo. Utawasikia wao wakisema "duì, duì, duì" au "yào bu yào" kwa mfululizo wa toni za nne, na sikio la Kiswahili litakwambia hawa wanagombana. Hawagombani. Wa kwanza anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wa pili anauliza unataka au hutaki.

Mtego mwingine uko kwenye maswali. Kwetu swali linajulikana kwa kupandisha mwisho. Ukimuuliza muuzaji "zhège mài bu mài?", yaani hiki kinauzwa au hakiuzwi, ukapandisha ile mài ya mwisho kama "kinauzwa?", umeitoa kwenye ya nne ukaisogeza kwenye ya pili, na mái ni kuzika. Hatadhani unataka kumzika mtu, lakini sentensi imevunjika mwishoni, pale anapotegemea kupata jibu la nini cha kufanya. Wachina nao hupandisha sauti wanapouliza, ila wanaweza kuinua sentensi nzima juu kidogo huku kila silabi ikilinda umbo lake. Mài ya swali inaanzia juu zaidi, na bado inaanguka. Njia rahisi kwako ni kutumia maswali yaliyojengwa kwa maneno, kama hilo la "A au si A", au kuongeza ma mwishoni, kisha uache sauti ifuate toni zilizoandikwa. Neno la swali limeshafanya kazi ya kuuliza.

Hiyo ma, pamoja na shi ya rènshi katika salamu yako, haina alama juu. Ndizo zile silabi fupi: zinatamkwa kwa wepesi, na kiwango cha sauti yake, juu au chini, kinategemea silabi iliyotangulia. Baada ya rèn iliyoporomoka, shi inatua chini. Usizipe uzito. Hata hilo lina maana, kwani dōngxi ikiwa na xi nyepesi ni kitu au bidhaa, na dōngxī yenye xī ya juu ni mashariki na magharibi.

Kuhusu bei sitakuacha hivihivi. Nne ni sì, inaporomoka. Kumi ni shí, inapanda. Darasani unaambiwa zinatofautiana kwa s na sh, kwa hiyo unatulia. Lakini watu wengi wa kusini ya China, na Yiwu utakutana nao tele, hawaitamki sh, wanasema s. Kumi yao ni sí. Hapo kati ya yuani nne na yuani kumi kwa begi kilichobaki ni toni peke yake. Kumi na nne ni shísì, kwao sísì: panda, anguka. Arobaini ni sìshí, kwao sìsí: anguka, panda. Silabi ni zilezile, mpangilio wa toni umegeuzwa. Wachina wenyewe wanaijua shida hii, ndiyo maana utaona muuzaji anavusha vidole viwili vya shahada kuwa msalaba akimaanisha kumi, au anakunja dole gumba na kunyoosha vinne. Na kikokotoo kiko juu ya kila meza. Hata uwe umejifunza miaka, bei iandikwe kwenye kikokotoo kabla hujaitikia.

Kuna mdau pengine atauliza kwa nini lugha ijitese hivi. Sababu iko kwenye silabi. Silabi ya Putonghua inaishia kwenye vokali, au n, au ng', mara chache r, basi. Ukiacha toni pembeni, lugha nzima ina silabi tofauti takriban 400. Ukiziongezea toni zinafika kama 1,300. Kiswahili kina maneno marefu, ki-ta-m-bu-li-sho, kwa hiyo silabi moja ikikosewa zilizobaki zinakusaidia. Kichina kilijengwa juu ya maneno ya silabi moja moja, na zamani silabi hizo zilikuwa na miisho mingine kama p, t na k iliyozitenganisha. Kikantoni cha Guangzhou kimeitunza miisho hiyo: kumi kwao ni sap, jiwe ni sek. Putonghua imeipoteza, na kumi, jiwe, chakula na wakati vyote vimeishia kuwa shí, hata toni haivitenganishi tena. Ndiyo maana kwenye maongezi wameunganisha silabi mbili mbili: jiwe ni shítou, wakati ni shíjiān. Hili lina faida kwako. Neno la silabi mbili, kama shūbāo, ni rahisi kueleweka ukiteleza kidogo kuliko neno la silabi moja kama mǎi. Ukikosa muda wa kujifunza yote, weka nguvu kwenye silabi zinazosimama peke yake.

Pinyin yenyewe, iliyopitishwa rasmi mwaka 1958, ina alama hizo kwa makusudi, ila vibao vingi na vitufe vya simu haviziandiki. Kuna majimbo mawili yanayopakana, Shānxī na Shǎnxī, yanayotofautiana kwa toni ya silabi ya kwanza tu. Bila alama yote yangekuwa Shanxi, kwa hiyo la pili likaongezewa a likaandikwa Shaanxi ili mtu asikate tiketi ya Taiyuan, mji mkuu wa jimbo la kwanza, akimaanisha Xi'an, mji mkuu wa la pili. A hiyo ya ziada haitamkwi ndefu. Iko pale kuziba pengo la alama ya toni. Kwa hiyo karatasi ya jamaa yako usiitupe, chukua kalamu uweke alama kutoka kwenye mistari yangu.

Utajuaje umekosea toni na si kitu kingine? Sikiliza anavyorudia. Muuzaji akielewa kwa kubahatisha, mara nyingi atalirudia neno lako kwa toni sahihi akiwa kama anauliza: umesema mài, yeye anasema "mǎi?" Usiitikie ndiyo harakaharaka. Lirudie vile alivyolisema yeye, maana hapo umepewa somo bure. Na usishangae ukisikia toni zao haziko kama za kwenye rekodi za Beijing. Wauzaji wa Yiwu wametoka pande nyingi, wenyeji wana lugha yao ya nyumbani, na kila mmoja ana lafudhi yake ya Putonghua. Umbo la msingi, juu, panda, chini, anguka, utalitambua bado.

Mwisho nikuongezee neno ambalo hukuliomba ila utalihitaji kabla ya salamu yote: lǎobǎn, bosi au mwenye duka. Mwite hivyo kila muuzaji, awe mwanaume au mwanamke, ndivyo wanavyoitana pale. Ni mbili za tatu, kwa hiyo mdomoni ni láobǎn. "Lǎobǎn, nín hǎo", halafu endelea.

Na kwa wengine mliopo humu mkitaka kubadilisha jina la nchi: Kenya ni Kěnníyà, yaani chini, panda, anguka. Uganda ni Wūgāndá, juu, juu, panda. Rwanda ni Lúwàngdá, Burundi ni Bùlóngdí, na Kongo ni Gāngguǒ. Walioko Oman, yenu ni fupi: Āmàn, juu kisha anguka, na hiyo Mswahili anaipatia bila kufundishwa.